Kitako kipana mchangani: kwa nini nguzo ya kati hutitia kuliko ya kona

Nenda kwenye eneo lolote la ujenzi pwani, uliza vitako vya nguzo viwe na upana gani. Fundi atakujibu bila kufikiri: "Bosi, hapa ni mchanga, panua." Jirani aliyemaliza nyumba yake mwaka jana atakwambia hivyo hivyo. Na ripoti ya udongo, ile ambayo mwenye nyumba ameilipia na hajawahi kuifungua, ina sentensi moja inayosomwa na kila mtu: udongo huu unaruhusiwa kubeba kilopaskali 150. Msanifu anachukua namba hiyo, anagawa mzigo wa kila nguzo kwa 150, anapata ukubwa wa kila kitako. Nguzo ya kona inapata kitako kidogo, ya kati inapata kikubwa, na kila mita ya mraba ya mchanga inabeba sawa na mwenzake.

Hesabu hiyo inaonekana ya haki kabisa. Lakini vitako vinavyobana mchanga kwa nguvu sawa havishuki sawa. Kile kipana hushuka zaidi. Nyumba ikimalizika, ukuta ulio kati ya nguzo ya kati na nguzo ya kona unaweza kupata nyufa za mshazari, na hapo ndipo lawama huanza: saruji ilikuwa chache, nondo zilikuwa nyembamba, mchanga ulikuwa wa chumvi. Mara nyingine kosa liko kwenye hesabu ile ya haki.

Tuwekane sawa kwanza kwenye maneno. Kitako ni lile bamba la zege lililo chini ya nguzo, ambalo mafundi wengi huliita besi. Mzigo ni uzito wote unaoteremka kwenye nguzo hiyo. Mgandamizo ni mzigo huo uliogawanywa kwa eneo la kitako. Hupimwa kwa kilopaskali, na kilopaskali 10 ni karibu tani moja juu ya mita moja ya mraba. Kutitia ni kule kushuka kwa kitako kwa sababu mchanga ulio chini yake umebanwa. Kila jengo duniani hutitia, hata lile lililojengwa vizuri. Milimita 20 za kutitia sawasawa hakuna atakayezijua. Kinachopasua ukuta ni nguzo moja kushuka milimita 25 wakati jirani yake imeshuka 10.

Sasa, ile imani ya "panua" imetoka wapi? Imetoka miguuni. Anayetembea ufukweni na kiatu cha kisigino chembamba huzama, anayetembea pekupeku hazami, basi upana ni dawa. Mfano huo ni wa kweli, ila unaeleza jambo jingine. Kisigino kimezama kwa sababu mchanga ulio chini yake umeshindwa kabisa, umesukumwa pembeni na kuumuka juu. Hilo ni kuvunjika kwa ardhi, na kweli upana hulizuia: kadiri kitako kinavyokuwa kipana, ndivyo mchanga unavyopata nguvu ya kukataa kusukumwa. Lakini kitako cha nyumba iliyopangwa vizuri hakiko karibu na hali hiyo. Kinakaa kwenye theluthi ya mzigo wa kuvunjika au chini ya hapo, na swali linalobaki ni kitashuka milimita ngapi huku mchanga ukiwa mzima. Katika swali hili la pili upana hufanya kazi kwa namna nyingine.

Ili kulijibu, inabidi kujua mchanga umeshikana kiasi gani. Shida ni kwamba mchanga hauwezi kuchimbwa na kupelekwa maabara ukiwa vilevile ulivyokaa ardhini. Ukiugusa tu, mpangilio wa chembe zake umevurugika. Ndiyo maana hupimwa palepale ulipo, kwa kugonga. Kipimo chenyewe kwenye ripoti huandikwa SPT. Shimo likishachimbwa hadi kina fulani, bomba nene la chuma hushushwa hadi sakafu ya shimo, kisha nyundo ya kilo 63.5 huangushwa juu ya fimbo zake kutoka kimo cha sentimita 76. Mapigo huhesabiwa kwa kila sentimita 15 bomba linapoingia, mara tatu. Sentimita 15 za kwanza hazihesabiwi kwa sababu sakafu ya shimo imevurugwa na uchimbaji. Mapigo ya sehemu ya pili na ya tatu hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo N. Ukiona kwenye ripoti 3, 4, 4, basi N ni 8, nao ni mchanga uliolegea. Ukiona 9, 14, 17, N ni 31, mchanga ulioshikana vizuri. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya mita moja au moja na nusu kwenda chini.

N ni namba ya kienyeji kidogo, nikiri upande wangu kwamba sijawahi kuipenda. Haisemi moja kwa moja mchanga ni mgumu kiasi gani. Inasema tu ulikataa nyundo kiasi gani. Kuitoa N hadi kwenye milimita za kutitia inabidi kutazama majengo halisi: N ilikuwa ngapi, kitako kilikuwa na upana gani, mgandamizo ulikuwa kiasi gani, na jengo lilishuka kiasi gani. Hivyo ndivyo kanuni zote za eneo hili zilivyozaliwa.

Kabla ya kanuni, tuone kwa nini upana uingie. Mzigo ukifika chini ya kitako haukai hapo. Unashuka na kutawanyika, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyopungua makali. Chini ya kitako cha mraba, ukifika kina cha mara mbili ya upana wake, kilichobaki ni karibu sehemu moja ya kumi ya mgandamizo wa juu. Kwa hiyo kitako cha mita 1 kinasumbua mchanga hadi kina cha mita 2 hivi. Kitako cha mita 3 chenye mgandamizo uleule kinasumbua hadi mita 6. Mchanga unaobanwa una kina mara tatu, na kila tabaka la mchanga huo linachangia milimita zake. Ndiyo sababu kipana kinashuka zaidi.

Je, kishuke mara tatu zaidi? Kama mchanga ungekuwa na ugumu uleule kutoka juu hadi chini, jibu lingekuwa ndiyo. Lakini mchanga wa chini umebanwa na uzito wa mchanga ulio juu yake, hivyo huwa mgumu zaidi kadiri unavyoshuka. Kitako kipana kinafika kwenye mchanga huo mgumu, na hilo linapunguza adhabu yake kidogo. Ubishi wa wahandisi kwa miongo kadhaa umekuwa hapo kwenye neno "kidogo".

Karl Terzaghi na Ralph Peck walipotoa kanuni yao mwaka 1948, walianzia kwenye jaribio la sahani: bamba dogo la chuma lenye upana wa futi moja, yaani kama sentimita 30, linalobebeshwa mzigo juu ya mchanga. Walisema ukijua sahani imeshuka kiasi gani, unaweza kukadiria kitako kikubwa chenye mgandamizo uleule hivi, s ikiwa kushuka kwa kitako na B upana wake kwa mita:

```
s = s_sahani × (2B / (B + 0.3))²
```

Ukiitazama vizuri utaona kwamba hata B ikiwa kubwa kupita kiasi, jibu haliwezi kuzidi mara nne ya sahani. Na ukilinganisha kitako cha mita 1 na cha mita 3, kanuni inasema cha pili kitashuka mara 1.4 tu ya cha kwanza. Kanuni hii ni ya upole mno kwa vitako vipana. Hata hivyo bado iko kwenye vitabu, na bado kuna watu wanaobebesha mzigo sahani ya sentimita 30, wanaona imeshuka milimita 5, na kuapa kwamba jengo haliwezi kuzidi milimita 20. Sahani hiyo imegusa mchanga wa sentimita 60 za juu. Ya mita nne chini haikuuliza.

Mwaka 1985 John Burland na M. C. Burbidge walikusanya kumbukumbu zaidi ya 200 za majengo, matangi na tuta zilizokaa juu ya mchanga na changarawe, wakazipanga upya. Walichopata ni kifupi kiasi cha kuandikwa nyuma ya bahasha:

```
s = q × B^0.7 × 1.71 / N^1.4
```

Hapa s ni mtitio kwa milimita, q ni mgandamizo kwa kilopaskali na B ni upana kwa mita. N ni wastani wa mapigo ndani ya kina kinachohusika, ambacho nacho hukadiriwa kuwa B^0.7 chini ya kitako: mita 1 kwa kitako cha mita 1, kama mita 2.2 kwa kitako cha mita 3. Kina hiki ni kifupi kuliko ile mara mbili ya upana niliyoitaja, kwa kuwa ndani yake ndimo sehemu kubwa ya mtitio hutokea. Kanuni yenyewe ni ya kitako cha mraba juu ya mchanga ambao haujawahi kubeba mzigo mkubwa zaidi zamani. Mchanga uliowahi kubanwa hushuka karibu theluthi ya hapo.

Kwa kanuni hii, kitako cha mita 3 hushuka mara 2.16 ya kitako cha mita 1 kwa mgandamizo uleule. Si 1.4, wala si 3.

Nani yuko sahihi? Kuna jaribio moja ambalo napenda kulirudia kwa sababu halikuwa la maabara. Jean-Louis Briaud na Robert Gibbens, katika chuo kikuu cha Texas A&M huko Marekani, walimwaga vitako vitano vya zege juu ya mchanga wa uwanja mmoja: viwili vya mita 3, kimoja cha mita 2.5, kimoja cha mita 1.5 na kimoja cha mita 1. Wastani wa N ulikuwa karibu 18. Kabla ya kuvibebesha mzigo waliwapa wahandisi na wasomi data zote za udongo, wakawaomba watabiri. Majibu 31 yalirudi, na mwaka 1994 yakalinganishwa hadharani na vipimo. Kisha vitako vilisukumwa chini mpaka vikashuka milimita 150.

Ili kushuka milimita 25, kitako cha mita 1 kilihitaji tani 87 hivi. Vile vya mita 3 vilihitaji tani 460 kimoja na tani 530 kingine. Eneo lilikuwa limeongezeka mara tisa, lakini mzigo uliongezeka mara tano hadi sita tu. Kwa kila mita ya mraba, kitako kidogo kilikuwa kimebeba kilopaskali 850 na vile vikubwa 500 na 578, ingawa vyote vilikuwa vimeshuka sawa. (Angalia pia kwamba vitako viwili vya ukubwa uleule, uwanja uleule, vilitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15. Mchanga hauna adabu ya kiwandani.)

Kilichovutia zaidi kilionekana walipoacha kuhesabu milimita na kuhesabu mtitio kama asilimia ya upana. Milimita 25 kwa kitako cha mita 1 ni asilimia 2.5, kwa kitako cha mita 3 hazifiki hata asilimia moja. Walipochora hivyo, mistari ya vitako vyote vitano ililaliana ikawa kama mmoja. Maana yake, kwa mgandamizo uleule, kitako chenye upana mara tatu kilishuka karibu mara tatu. Mchanga wa pale ulikuwa na N isiyobadilika sana kwenda chini, na mzigo ulisukumwa mbali kuliko nyumba yoyote inavyofanya. Kwa hiyo siwezi kusema 0.7 ya Burland na Burbidge ilianguka. Ila ile 1.4 ya kanuni ya sahani ilibaki mbali sana.

Ukiweka namba za Texas kwenye kanuni ya 1985, kitako cha mita 1 chini ya kilopaskali 850 kinatoka na milimita 25, sawa kabisa na kipimo. Vya mita 3 vinatoka na 32 na 37 badala ya 25. Usishangilie sana ile ya kwanza. Kitako hicho kilikuwa tayari na karibu nusu ya mzigo uliokifikisha kwenye milimita 150, mahali ambapo mchanga hauendi tena kwa mstari ulionyooka, wakati kanuni inadhani unanyooka. Sehemu ya usahihi huo ni bahati. Kinachofaa kuondoka nacho ni ukubwa wa kosa: kanuni nzuri, data nzuri, uwanja uliochunguzwa kila kona, na bado jibu linakosea kwa theluthi moja hadi nusu.

Sasa turudi kwenye nyumba yetu. Tuseme ni ghorofa nne, nguzo zimepangwa kila mita 4, mchanga umelegea na wastani wa N ni 8. Nguzo ya kati inabeba sakafu ya mita 4 kwa 4. Nguzo ya kona inabeba robo ya hapo. Tuchukue nguzo ya kati ina tani 88 na ya kona tani 22. Kwa kilopaskali 150, kitako cha kati kinatoka mita 2.4 na cha kona mita 1.2. Hii ndiyo hesabu ya haki tuliyoanza nayo.

N ikiwa 8, sehemu ya mwisho ya kanuni, 1.71 gawanya kwa N^1.4, inatoka 0.093. Kitako cha kona:

```
s = 150 × 1.2^0.7 × 0.093 = 16 mm
```

Na cha kati:

```
s = 150 × 2.4^0.7 × 0.093 = 26 mm
```

Tofauti ni milimita 10 katika mita 4, yaani 1 kwa 400. Alec Skempton na Donald MacDonald walipochunguza majengo yaliyopasuka mwaka 1956, waliona nyufa za kuta huanza kwenye 1 kwa 300, na walishauri wasanifu wakae kwenye 1 kwa 500. Tumeshavuka ushauri, hatujafika kwenye ufa. Lakini mchanga nao huendelea kushuka taratibu baada ya ujenzi, na Burland na Burbidge walikadiria kwamba baada ya miaka 30 mtitio huwa mara moja na nusu ya ule wa mwanzo. Kona inakuwa 24, kati inakuwa 39, na tofauti inafika karibu milimita 15. Hiyo ni 1 kwa 270. Ukuta wa tofali utaipata habari.

Ushauri wa kwanza utakaosikia ni kupanua vitako vyote. Fanya hivyo na utakuwa umetumia zege nyingi huku ukiacha tofauti pale pale kwa sehemu kubwa. Dawa ni kupanua cha kati peke yake. Kikiwa mita 3, mgandamizo unashuka hadi kilopaskali 96:

```
s = 96 × 3^0.7 × 0.093 = 19 mm
```

Kona imebaki 16. Tofauti ya mwanzo sasa ni milimita 3 na kitu, na hata ukiizidisha kwa moja na nusu inafika 5, yaani kama 1 kwa 800. Ukuta hauna neno nayo.

Tazama lakini bei yake. Eneo la kitako cha kati liliongezeka kwa asilimia 56, na mtitio wake ukapungua kwa robo tu. Hii ndiyo sehemu ambayo fundi anayesema "panua" ana haki nusu. Mzigo ukibaki uleule, kupanua kunapunguza mtitio, lakini si kwa kiwango cha eneo. Unapunguza mgandamizo kwa mkono mmoja na kuamsha mchanga wa chini zaidi kwa mkono mwingine. Ukitaka kuona, ondoa q kwenye kanuni na uweke mzigo gawanya kwa B²: mtitio unapungua kwa B^1.3, si kwa B². Kuongeza upana mara mbili, na eneo mara nne, kunakuacha na asilimia 40 ya mtitio, wakati wengi wangetarajia asilimia 25.

Kuna mwerevu atakayeuliza: badala ya kupanua cha kati, kwa nini tusikipunguze cha kona, kikawa mita 1, nacho kishuke milimita 20 kama mwenzake? Kwa hesabu ya mtitio ni sawa, na ni rahisi. Lakini hapo tunarudi kwenye kisigino. Kitako cha mita 1 kwenye mchanga wa N 8, chini ya kilopaskali 216, kinaanza kusogelea mahali ambapo mchanga unaweza kusukumwa pembeni. Akiba ile ya mara tatu dhidi ya kuvunjika huenda isitimie. Vitako vidogo huamuliwa na kuvunjika, vikubwa huamuliwa na mtitio, na kwenye mchanga mpaka kati ya hivyo viwili huwa karibu na upana wa mita moja, moja na kidogo. Ndiyo maana ile namba moja ya kilopaskali 150 kwenye ripoti haiwezi kutosha nyumba nzima. Ripoti nzuri huitoa kama jedwali: upana huu, mgandamizo huu, kwa mtitio wa milimita 25.

Hesabu yote hii inaning'inia kwenye N, na kosa la N hukuzwa kwa sababu N imepandishwa kipeo cha 1.4. Ukiisoma 12 badala ya 8, mtitio unatoka karibu nusu. Makosa mengine yanaonekana kwenye karatasi ukijua pa kutazama. Kwenye pwani yetu, bomba likigonga kipande cha tumbawe, utaona 4, 6, kisha 50 ndani ya sentimita chache, halafu kina kinachofuata kinarudi 9. Ile 50 si mchanga, ni jiwe, na haifai kuingizwa kwenye wastani. Upande wa pili, shimo likichimbwa chini ya maji ya ardhini na maji yaliyomo shimoni yakaachwa yashuke, maji ya nje hupanda kupitia sakafu ya shimo na kuulegeza mchanga kabla haujagongwa. N itatoka 3 au 4 mahali ambapo mchanga ni mzuri tu. Ishara yake ni mchanga uliopanda ndani ya shimo, na mchimbaji mwaminifu huandika. Mchanga laini wenye vumbi ulio chini ya maji nao hudanganya kinyume: unakataa nyundo kwa sababu maji hayakupata muda wa kutoka. Kwa huo, N ikizidi 15, ziada ile hukatwa nusu, hivyo 25 inasomwa 20.

Na kuna la kina. Mashimo mengi ya ujenzi wa nyumba za kawaida huishia mita chache kwa sababu mita inalipiwa. Shimo la mita 3, kitako kikiwa mita 1 chini ya ardhi, linakuonyesha mita 2 za mchanga chini yake. Kwa kitako cha kona cha mita 1.2 hilo linakaribia kutosha. Kwa kitako cha kati cha mita 3 umeona theluthi moja ya mchanga utakaosumbuliwa. Dar es Salaam kuna sehemu nyingi ambapo mchanga mzuri wa juu umelalia udongo wenye mfinyanzi, na mfinyanzi haufuati kanuni yoyote niliyoandika hapa. Hutitia kwa miaka, maji yakijikamua polepole. Ukiwa umeamua kupanua kitako cha kati, ongeza na mita za shimo la uchunguzi: angalau mara mbili ya upana wa kitako kikubwa kuliko vyote, ukianza kuhesabu chini ya kitako. Kwa kitako chetu cha mita 3 kilichokaa mita 1 ardhini, shimo ni mita 7.